Kabla hujailaumu ruta kwa pakiti ya baiti 21504

Wadogo zangu mnaoanza kusoma pakiti kwa macho, kuna kosa ninaloliona kwa karibu kila anayejiunga nasi, na mwezi huu limejirudia tena. Mtu anachukua heda ya IPv4, anapiga hesabu ya sehemu moja ya baiti mbili kwa mkono, anapata namba ya ajabu, kisha anaanza kuushuku mtandao. Kujumlisha na kuzidisha kwake huwa hakuna tatizo. Tatizo ni baiti aliyoiweka mbele.

Kanuni mnaijua. RFC 791 ya mwaka 1981, kwenye kiambatisho chake cha B, inasema baiti yenye thamani kubwa ndiyo inayotangulia kwenye waya. Laptopu zetu nazo zinahifadhi namba kwa kuanza na baiti ndogo. Kila mtu anaijibu hii vizuri kwenye usaili, halafu anaisahau akiwa na kalamu mkononi. Kwa hiyo leo nitashika heda moja tu, ya pingi ya kawaida ya Linuksi, na hatutaiacha mpaka tumalizane nayo.

```
45 00 00 54 1c 46 40 00 40 01
9b 07 c0 a8 01 0a c0 a8 01 01
```

1. Jua kwanza programu uliyotumia imekuonyesha nini.

Kijana mmoja wa kwetu, mchapakazi kweli, aliihifadhi heda hii kwenye faili kisha akaifungua kwa `hexdump` tupu, bila `-C`. Hapo ndipo safari ilipoharibika. `hexdump` tupu haikuonyeshi baiti moja moja kwa mfuatano wake. Inazichukua mbili mbili, inazisoma kama namba ya biti 16 kwa mpangilio wa mashine yako, ndipo inachapisha. Kwenye laptopu yake ikatoka hivi:

```
0045 5400 461c 0040 0140
079b a8c0 0a01 a8c0 0101
```

Akachukua karatasi. `Total Length` iko kwenye baiti ya tatu na ya nne, yaani neno la pili: `5400`. Hamsini na nne ya heksa ni 84, mara 256, jibu 21504. Neno la nne, lenye bendera na nafasi ya kipande, likasomeka `0040`. Biti ya `DF` haipo, nafasi ya kipande ni 64, na kwa kuwa nafasi huhesabiwa kwa baiti nane nane, hicho ni kipande kinachoanzia baiti ya 512.

Tazameni jinsi hadithi ilivyokamilika. Pakiti ni kubwa mno, MTU ni 1500, na ushahidi wa kukatwa vipande huo hapo. Kila namba mbovu inaitetea mwenzake, kwa sababu zote zimegeuzwa na mkono mmoja. Kijana akashusha MTU, akabadilisha kebo, akamwandikia mtu wa ruta ujumbe mrefu wenye mahesabu yote. Nilipoketi naye jioni alikuwa amechoka na ana uhakika, na mtu akiwa hivyo ni kazi kumsogeza.

Sikuanza na urefu. Nilimwomba aniambie toleo la IP. Nusu ya kwanza ya baiti ya kwanza lazima iwe 4, na nusu ya pili, urefu wa heda kwa maneno ya biti 32, huwa 5 kama hakuna nyongeza. Kwa hiyo heda ya IPv4 isiyo na nyongeza huanza na `45`. Yake ilianza na `00`. Kisha nikamwonyesha `a8c0`. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisini anaijua `c0a8`, ndiyo 192.168. Ikigeuzwa inakuwa 168.192, na hakuna mashine ya kwetu yenye anwani hiyo. Neno la tano nalo lilikuwa linapiga kelele: `0140` maana yake TTL ni 1 na protokali ni 64, wakati ukweli ni TTL 64 na protokali 1, yaani ICMP.

Tukarudia kwa `xxd`, ambayo huchapisha baiti kwa mfuatano wake. Baiti ya tatu `00`, ya nne `54`. Sifuri mara 256, jumlisha 84, jibu 84. Na 84 ina maana: baiti 20 za heda ya IP, 8 za heda ya ICMP, 56 za mzigo ambao `ping` huutuma usipoiambia vingine. Neno la nne ni `4000`, yaani `DF` imewashwa na nafasi ya kipande ni sifuri. Pakiti hii haijakatwa, na mtumaji amekataza isikatwe.

Kulikuwa na alama nyingine ambayo angeweza kuikamata peke yake. `Total Length` ya kipande huhesabu kipande chenyewe tu, haihesabu pakiti nzima ya awali. Kwenye Etheneti yenye MTU ya 1500, kipande kinachodai baiti 21504 kisingepita kabisa. Na jibu linalogawanyika kwa 256 bila baki, kama 21504, ligeuze ulijaribu upande wa pili kabla ya jambo lingine lolote.

2. Cheksamu ikikubali, haijakuambia umesoma sawa.

Hili ndilo lililomtia kijana wetu uhakika, na ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote. Alikuwa amejumlisha maneno yake kumi, yakampa `ffff` kama inavyotakiwa. Akasema, heda ni nzima, basi na urefu nilioutoa ni sahihi.

Heda ilikuwa nzima kweli. Usomaji ndio uliokuwa umegeuka, na cheksamu ya IP haioni mgeuko huo. Jaribuni wenyewe mkiiacha sehemu ya cheksamu ikiwa sifuri. Kwa mpangilio wa mtandao, maneno yote yanajumlishwa kuwa `264f6`. Ile 2 iliyovuka biti 16 inarudishwa chini, tunapata `64f8`, tunapindua biti zote, jibu `9b07`. Sasa fanyeni kwa maneno yaliyogeuzwa: jumla `1f863`, rudisha ile 1, `f864`, pindua, jibu `079b`. Baiti ni zilezile mbili, zimebadilishana nafasi.

Sababu yake ni ule mtindo wa kurudisha chini kinachovuka juu. Baiti ya chini ikijaa, ziada inapanda kwenye baiti ya juu. Ya juu ikijaa, ziada inazunguka na kushuka kwenye ya chini. Kila baiti inampa mwenzake, hakuna iliyo ya mwisho kweli. Ukizigeuza zote kwa pamoja, hesabu inatembea vilevile na jibu linageuka nalo. RFC 1071 ya mwaka 1988 inaeleza hili, na ndiyo maana programu inaweza kukokotoa cheksamu kwenye mashine ya baiti ndogo kwanza bila kugeuza neno hata moja.

Sehemu zinazobeba kiasi hazina msamaha huo. Urefu, nafasi ya kipande, namba ya poti, zote zinasomwa kwa upande mmoja tu. Msiruhusu cheksamu iwe shahidi wao.

3. Geuza mara moja, na ujue ni wapi.

Kutoka kwenye hilo la juu linazaliwa kosa la kuandika. Mtu amepata `079b` kwa kujumlisha maneno ya mashine, kisha kwa adabu nzuri anaipitisha kwenye `htons` kwa sababu amefundishwa kwamba kila kinachokwenda kwenye waya hupita huko. Kwenye laptopu zetu, `0x079b` ikiwekwa ilivyo inakaa kwenye kumbukumbu kama `9b 07`, ambayo ndiyo sahihi. Ukiipitisha kwenye `htons` inakaa `07 9b`, na mpokeaji anaitupa pakiti kimya kimya. Aliyepata `9b07` kwa karatasi, akisoma baiti kwa mfuatano, huyo ndiye anayehitaji `htons`. Kwa hiyo andika pembeni ya kila namba kwenye karatasi yako: hii ni thamani, au hii ni namna baiti zilivyokaa?

Ndani ya programu mimi napendelea kuikwepa mada yote kwa kuijenga thamani baiti kwa baiti:

```c
uint16_t urefu = (b[2] << 8) | b[3];
```

Mstari huu unatoa 84 kwenye mashine yoyote, kwa sababu haumuulizi prosesa anahifadhije namba. Ndiyo hesabu ileile ya karatasini: ya kwanza mara 256, jumlisha ya pili. Kwenye Paithoni, `int.from_bytes(b[2:4], 'big')` inafanya kazi hiyohiyo.

4. Geuza baiti, usigeuze tarakimu. `1c46` ikigeuzwa ni `461c`. Nimeona `64c1` kwenye madaftari zaidi ya moja. Na anwani ya baiti nne inageuzwa yote kwa mkupuo: `c0a8010a` inakuwa `0a01a8c0`. Ukigeuza kila jozi peke yake utapata `a8c00a01`, ambayo haiko upande wowote.

5. Usipime kwa namba zinazofanana pande zote. Neno la mwisho la heda yetu ni `0101`. Limegeuzwa na halijageuzwa, huwezi kutofautisha. Sifuri nayo hivyohivyo. Pima kwa `0x1234`, au kwa poti 443: hiyo ni `01bb`, na ukiona 47873 unajua umesoma kinyume.

6. Mpangilio wa mtandao una mpaka. Ukimaliza heda ya IP na ya ICMP, kwenye mzigo wa `ping` ya Linuksi utakutana na muda wa kutuma. Huo umewekwa kwa mpangilio wa mashine iliyotuma, kwa sababu mashine hiyohiyo ndiyo itakayousoma ukirudi, na hakuna mwingine anayeuhitaji. Ukiulazimisha usomeke kwa baiti kubwa kwanza utapata tarehe isiyokuwepo. Hata kwenye heda ya ICMP watumaji hawakubaliani wote, ndiyo maana Wireshark inakuandikia `Sequence Number (BE)` na chini yake `Sequence Number (LE)`, 1 na 256 kutoka kwenye baiti zilezile `00 01`. Kuijua ya kwako, tuma pingi kadhaa mfululizo uangalie: inayopanda moja moja ndiyo mtumaji aliyoikusudia, na inayoruka kwa 256 ndiyo iliyosomwa kinyume.