Barua ya kuishiwa sindano ya malaria kali

"Mimi ni muuguzi wa zahanati kijijini Kigoma. Sindano ya atesunati ilituishia, mtoto akaenda rufaa bila dozi ya kwanza. Niandikeje wilayani wasione ninalalamika tu?"

Pole sana, muuguzi mwenzangu. Barua ya hivyo niliwahi kuiandika nikiwa zahanati ya huku huku Kigoma, wakati wa mvua, watoto wenye homa wamejaa benchi zima.

Iende kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri kupitia kwa mganga mfawidhi wako, nakala kwa Mfamasia wa Wilaya na mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Aya ya kwanza itoke kwenye leja: chupa ya mwisho ilitumika lini, mliomba ngapi, mkaletewa ngapi.

Halafu weka hesabu ya matumizi, maana hapo ndipo zahanati nyingi zinapoumia. Tuseme katika siku 90 mlitumia chupa 40. Ukigawa kwa miezi mitatu unapata kama 13 kwa mwezi. Lakini kama dawa ilikuwepo siku 60 tu, zile 40 ziliisha ndani ya miezi miwili, kwa hiyo mahitaji yenu ni 20 kwa mwezi. Siku ambazo rafu ilikuwa tupu zisipotolewa kwenye hesabu, zinasomeka kama siku ambazo hakuna aliyeugua, na mzigo unaofuata unakuja pungufu tena. Ionyeshe hesabu hiyo waziwazi kwenye barua.

Mgonjwa usimtaje jina, namba ya rejesta inatosha. Mimi niliandika hivi: "Mtoto wa miaka 2, kilo 12, kipimo cha haraka cha malaria chanya, degedege mara mbili. Alihitaji miligramu 36 za atesunati kabla ya rufaa (miligramu 3 kwa kila kilo). Chupa moja ya miligramu 60 ingetosha. Haikuwepo, wala ya kuweka njia ya haja kubwa haikuwepo." Nikafuatisha saa aliyofika, saa aliyoondoka na hali yake kila saa. Ulichokiona wewe kiandike kama ulivyokiona. Kilichotokea hospitali kisubiri majibu ya rufaa. Najua uchungu wa kumtazama mama yule akipanda pikipiki na mtoto wake, na uchungu huo msomaji ataupata kwenye zile saa.

Mwisho omba jambo linalotekelezeka wiki hiyo hiyo: chupa kadhaa zihamishwe kutoka kituo jirani chenye ziada, na kama Bohari ya Dawa imethibitisha haina, mruhusiwe kununua kwa mshitiri kwa fedha za kituo. Kwetu kuhamisha ndiko kulikofanyika kwanza, kwa sababu mfamasia alikuwa anajua nani ana ziada.

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe, uiweke kwenye faili la zahanati pamoja na fomu ya maombi.