Nyumba inauzwa Tabata ila picha zimetolewa, nimuulize nini muuzaji kabla sijasafiri?

"Wakuu, nimeona nyumba inauzwa Tabata Kimanga, vyumba vitatu kimoja masta, paa la kontempo. Juzi tangazo lilikuwa na picha, leo zimetolewa, yamebaki maneno tu 'nyumba nzuri haina shida, piga simu'. Niko Mwanza, nauli na kulala sio mchezo. Mambo ya hati nina wakili. Nataka kujua nyumba yenyewe, vyumba, unyevu, mwanga na marekebisho, nimuulize muuzaji nini kwenye simu?"

Mkuu, picha kutolewa peke yake haikwambii kitu. Dalali mmoja anazitoa akishapokea advansi ya mtu, mwingine kwasababu nyumba ndo inapakwa rangi, mwingine picha zilipigwa wakati wapangaji bado wamo na wamelalamika vitu vyao vinaonekana. Muulize hivyo hivyo, zimetolewa kwanini na zilipigwa lini, afu omba zile za zamani kwanza kabla hujaomba mpya. Za zamani zina thamani sana kwasababu ukija kutumiwa mpya unaziweka pamoja na unaona ukuta gani umebadilika rangi, kabati gani limehamishwa. Na hakikisha unaongea na mwenye nyumba au mtu aliyelala mule ndani, dalali hajawahi kukaa hapo msimu wa mvua, akikwambia haina shida anasema asichokijua.

Jambo kubwa ni namna ya kuuliza. Ukiuliza "nyumba ina unyevu?" utajibiwa hamna, ukiuliza "ina mwanga?" utajibiwa upo wa kutosha. Uliza vitu ambavyo jibu lake ni tarehe, urefu, au mahali, hapo mtu inabidi akumbuke na akwambie kitu unachoweza kukihakiki.

Anza na vyumba kwasababu vitakusaidia kwenye mengine yote. Mwambie achore nyumba kwenye karatasi kwa peni tu, hata ikiwa mbaya, aandike vipimo vya ndani ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia upande gani, madirisha yako wapi, vyoo na bafu viko wapi, jua linachomoza upande gani, apige picha akutumie Wasap. Sisitiza vipimo vya NDANI. Wengi wanakutajia futi 10 kwa 10 walizopimiwa kwa nje ya kuta, bloku ya inchi 6 ukiongeza plasta ni kama inchi 7, kuta mbili umeshapoteza zaidi ya futi moja. Na hata 10 kwa 10 ya kweli ni chumba kidogo, kitanda cha 6 kwa 6 kikikaa katikati zinabaki futi 2 kila upande, miguuni zinabaki futi 4, weka kabati la futi 2 hapo unapita kwa kubana na mlango wa kabati haufunguki vizuri. Kama masta ndo saizi hiyo ni bora ujue ukiwa Mwanza.

Ila faida kubwa ya huo mchoro ni kukuonyesha chumba kipi kinagusana ukuta na bafu, na ukuta upi uko nje. Bila hiyo majibu ya unyevu utashindwa kuyasoma.

Sasa unyevu, hapa ndo nenda taratibu. Maji yanaingia ukutani hasa kwa njia tatu, chini kwenye msingi, juu kwenye paa, au kwenye bomba lililofichwa ukutani, na kila moja ina tabia yake na bei yake. Ya msingi inaanzia sakafuni na kupanda, mara nyingi haivuki kifua, inaacha unga mweupe wa chumvi na rangi inabanduka magamba, na unaikuta kwenye kuta nyingi sio sehemu moja. Ya paa inaanzia kwenye dari, jipsamu inapata mduara wa kahawia, inakuja na mvua inaisha na mvua. Ya bomba haijali msimu, ipo hata Agosti kumekauka, na inakaa sehemu moja.

Kwahiyo muulize, rangi ya ndani imepakwa lini mara ya mwisho, ni nyumba nzima au chumba gani, na kwanini hicho. Hilo swali la rangi kwangu ndo la muhimu kuliko yote. Nilimsimamia dada yangu kwenye nyumba aliyokuwa anataka kununua Mbezi, mwenye nyumba akasema haina tatizo lolote, tulipouliza rangi akajibu bila wasiwasi kwamba mwezi wa tisa walipaka chumba cha pili peke yake. Kwanini hicho tu? Watoto walichafua. Walichafua ukuta upi na mpaka usawa gani? Akasema ule mmoja wa upande wa masta, kuanzia chini mpaka kiunoni. Tukatazama mchoro, nyuma ya huo ukuta ni bafu la masta, upande wa shawa. Na mwezi wa tisa hamna mvua ya maana Dar, kwahiyo paa tukaliweka pembeni, ikabaki msingi au bomba.

Kutofautisha hizo mbili ni rahisi na mwenye nyumba anaweza kufanya mwenyewe. Usiku watu wakishamaliza kutumia maji, funga koki zote pamoja na ile ndogo inayojaza tanki la choo, piga picha mita ya maji, asubuhi kabla mtu hajanawa piga tena. Namba zikisogea kuna bomba linavuja. Lakini angalia, nyumba nyingi Dar maji yanaenda kwanza kwenye simtank ndo yanashuka ndani, mita inaweza kutulia kabisa huku bomba la kutoka kwenye tanki linavuja usiku kucha. Hapo unafunga koki inayoingiza maji kwenye tanki, unaweka alama kwenye usawa wa maji, asubuhi unaangalia. Kule Mbezi mita haikusogea hata kidogo, tanki ndo lilishuka vidole vinne. Fundi alipotoboa upande wa shawa akakuta elbo ya bomba imepasuka kwenye ungio. Ikabadilishwa kwa gharama ya mwenye nyumba, ukuta ukaachwa wazi bila plasta wiki kadhaa ukauke, ndo dada akamalizia malipo.

Ingekuwa maji hayashuki na alama iko kwenye kuta za nje karibu zote, basi ni msingi, yani nailoni ya kuzuia maji haikuwekwa au ilitoboka, au udongo wa nje umejazwa mpaka juu ya usawa wa jamvi. Ya udongo unachimba na kushusha, inawezekana. Ya nailoni ni kazi ngumu, kinachofanyika mara nyingi ni kubandua plasta mpaka juu ya pale unyevu ulipofika na kupiga mpya yenye dawa, inapunguza lakini usiahidiwe kwamba imeisha. Kupaka rangi juu yake ni kununua miezi tu, masika ya Machi mpaka Mei ikipita inabanduka tena.

Kwa Tabata ongeza hili, kuna sehemu zinashukia bonde la Msimbazi na nyingine ziko juu kabisa, jina la mtaa halikutoshi. Uliza mvua kubwa maji yanapita wapi na yalifika usawa gani wa ukuta wa uzio, afu uliza gari la kunyonya choo linakuja mara ngapi kwa mwaka na miezi gani. Shimo linalojaa kila masika wakati kiangazi linatulia linakwambia maji ya ardhini yako juu, au maji ya mvua yanaingia humo, na kote huko msingi nao unalowa.

Na kwasababu ni kontempo, paa limefichwa nyuma ya ukuta na gata ziko ndani, hapo ndo zinapovuja. Muulize matundu ya kutolea maji kwenye gata ni mangapi, bomba la inchi ngapi, nani anapanda kutoa majani na mara ya mwisho lini. Tundu moja tu kwa upande mzima likizibwa na majani maji yanapanda nyuma ya bati na kushukia darini. Aombe fundi au kijana apande na simu arekodi vidio gata nzima kutoka kona mpaka kona, ukiona lami imepakwa viraka viraka kwenye maungio basi imeshavuja, uliza mara ngapi.

Mwanga uliza hivi: saa nane mchana ni chumba gani mnawasha taa? Kila mtu aliyekaa kwenye nyumba analo jibu la hilo. Afu kutoka kila dirisha mpaka ukuta wa jirani ni hatua ngapi, na je jirani amejenga amemaliza au ana nondo zimesimama juu, maana akipandisha ghorofa dirisha lako limekwisha. Madirisha yanayotazama magharibi yanaingiza jua lote la jioni, chumba kinabaki cha moto mpaka usiku, kama masta iko huko ujue. Omba vidio ya simu mchana, taa zote zimezimwa na mapazia yamefunguliwa, aanzie mlangoni azunguke kila chumba bila kukata, na nyuma ya makabati asogeze aonyeshe. Chumba chenye giza na dirisha moja hewa haipiti, fangasi inaanzia hapo nyuma ya kabati hata kama hamna bomba linalovuja.

Kwenye marekebisho usiulize "kuna cha kurekebisha?" Uliza umetengeneza nini toka uhamie, lini, kwanini, fundi nani, naweza kupata namba yake. Fundi atakwambia mengi kwasababu yeye hauzi nyumba. Afu malizia na, ni kitu gani ulipanga kutengeneza ukakosa hela. Watu wanalijibu hilo kwa uaminifu kuliko unavyodhani, nimeshasikia mtu anasema mwenyewe wayaringi ya jikoni inaangusha breka ya umeme wakipika na kupiga pasi pamoja.

Haya yote yaandike kwa meseji, sio kupiga tu, majibu yabaki. Akikataa mchoro na vidio ya mchana vyote viwili usipande basi bado, msubirie. Akikutumia, futa majina na namba ya nyumba afu tupia hapa mchoro pamoja na jibu la rangi, hayo mawili yanatosha tuanze kukusaidia kusoma ukuta upi wa kuugonga ukifika.