Saa Nne Ipi? Maswali Yenu Kuhusu Ripoti za Uwanjani

"Kwenye ripoti niandike saa yetu au saa ya marubani?" (Mwongoza ndege, Malindi)

Andika zote mbili, na useme ni ipi. Nimechoka kuletewa karatasi zenye "saa nne na kitu". Kitu gani?

Asubuhi moja hapo Malindi, trekta lilikuwa likivuta matoroli matatu ya mizigo. Dereva alikata kona karibu na mkia huku akitazama toroli la kwanza. La kwanza likapita salama, lakini katika kona kila toroli linalofuata huingia ndani zaidi ya lililotangulia, na la tatu likaparuza ubavu wa ndege. Dereva aliandika 4:15, mwongozaji akaandika 10:20, rubani akaandika 0716. Mchunguzi asiyeizoea saa ya Kiswahili alisoma ile 4:15 kama alfajiri, wakati hapakuwa na ndege uwanjani, akaanza kumwona dereva mwongo.

Hebu tuhesabu. Saa nne na robo ya asubuhi ni 10:15 kwa saa 24 za Kenya. Ukitoa tatu unapata 0715 UTC, saa wanayotumia marubani. Basi dereva na rubani walipishana dakika moja tu. Aliyekuwa mbali ni mwongozaji, naye hakudanganya: aliandika saa aliyopiga simu ofisini badala ya saa toroli lilipogusa. Kwa hiyo tenganisha saa ya kugusa, saa ya kuonekana na saa rubani alipoambiwa. Hiyo ya tatu ndiyo huwa inakosekana, nami ndiyo ninayoitafuta kwanza.

"Iligusa tu, hata rangi haikutoka. Lazima niripoti?" (Dereva wa trekta, Malindi)

Ndiyo, na umwambie rubani kabla milango haijafungwa.

Ndugu yangu, tarehe 26 Desemba 2005 ndege ya Alaska Airlines aina ya MD-80 iliruka kutoka Seattle, Marekani, baada ya chombo cha mizigo kuigusa uwanjani. Mfanyakazi aliyeigusa hakusema. Ikiwa kwenye futi 26,000 hivi, bati la ubavu lilipasuka na hewa ya ndani ikatoka kwa ghafla. Walirudi salama, na mfanyakazi yule alikiri baadaye. Ndege ya aina hiyo hujazwa hewa ikipanda, kwa hiyo mkwaruzo uliokuwa haujatoboa huku chini hubeba mzigo mwingine kabisa kule juu. Kuamua kama mbonyeo mdogo unaruhusiwa ni kazi ya mhandisi mwenye vipimo vya mtengenezaji. Si kazi yako wewe, wala ya msimamizi anayetazama saa ya kuondoka.

"Hapa Manda tunasukuma mkokoteni wa mkono. Fomu inauliza namba ya gari, niache wazi?" (Mpakia mizigo, Lamu)

Usiache. Andika "mkokoteni wa mkono", namba iliyopakwa rangi kama ipo, ulikuwa na mzigo au mtupu, magurudumu yakoje, nani aliushika na nani aliuacha kwenye mteremko bila kuuwekea kizuizi.

Na kwa kuwa umetaja mkokoteni: ndege ndogo nyingi za Caravan zina sanduku la mizigo chini ya tumbo, karibu sana na ardhi, na ukingo wa mkokoteni hulifikia. Sanduku hilo si bati, ni tabaka za nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Likigongwa linaweza kurudi mahali pake na nje lisionyeshe chochote, kumbe tabaka za ndani zimeachana. Mhandisi huligonga polepole kwa sarafu: penye uzima hulia kwa ukali, palipoachana sauti hufifia. Jicho lako halisikii hilo. Eleza mahali hasa: kushoto au kulia kwa rubani aliyekaa anatazama mbele, umbali kutoka mlango upi, kimo gani kutoka chini.

"Tukae pamoja tuandike maelezo yanayolingana?" (Kiongozi wa zamu)

La hasha. Kila mtu aandike peke yake, kabla hamjazungumza, alichoona kwa macho yake. "Nilisikia mlio, nikageuka, toroli lilikuwa limesimama" ni ushahidi. "Dereva alikuwa na haraka" ni dhana yako. Maelezo matatu yenye maneno yale yale yananiambia tu kwamba aliyeandika ni mmoja. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na utie sahihi, usifute.

"Picha nimeshatuma WhatsApp, inatosha?"

Haitoshi. Ikitumwa hivyo hupunguzwa ubora na kupoteza saa iliyopigwa. Tunza ile ya asili kwenye simu. Piga ya mbali inayoonyesha ndege na toroli palipo, kisha ya karibu yenye rula, na toroli lisisogezwe kwanza isipokuwa linahatarisha watu.

"Nikiandika ukweli watanifukuza?" (Dada mpakiaji, Malindi)

Dada yangu, siwezi kukuahidi kuhusu mwajiri wako. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chikago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si kugawa lawama, na mameneja wanaoanza fomu zao kwa "nani mwenye kosa?" ndio wanaofundisha watu kunyamaza. Andika, tia sahihi na saa, ubaki na nakala. Ila la kwanza, mwendee rubani.