Kuhamisha uso kwenye picha za usiku: mng'ao wa flashi na noizi

Picha za sendoff zinazopigwa usiku kwenye kumbi za Dodoma huleta kazi hii mara kwa mara. Familia imejipanga vizuri, wote wametulia, shangazi amefumba macho. Fremu inayofuata shangazi kafumbua, lakini flashi ilikuwa haijajaa, ikatoa mwanga kidogo tu. Picha imetoka giza na njano ya taa za ukumbi. Mteja anataka fremu ya kwanza, yenye uso wa fremu ya pili.

Kabla hujagusa chochote, angalia kivuli cha pua na nukta ya mwanga ndani ya mboni katika fremu zote mbili. Vikiwa upande mmoja, kazi inawezekana. Vikiwa pande tofauti, tafuta fremu nyingine, kwa sababu ukishalinganisha rangi zote bado mwanga utakuwa unatoka kusikoeleweka.

Kama una RAW, anzia huko. Pandisha `Exposure` ya fremu ya giza hadi shavu lifanane na la fremu nzuri. Mara nyingi ni kati ya +1.5 na +2. Kisha shusha `Temperature` ukitazama kitu cheupe alichovaa mtu huyohuyo, kama ushungi au kola. Ukisubiri kufanya hivyo kwenye JPEG, sehemu za giza hukatika mabaka.

Sasa hamishia uso kwenye leya mpya, katika Photoshop au Photopea, ulinganishe kona za macho na tundu za pua huku leya ikiwa `Opacity` 50%. Badilisha ukubwa mara moja tu. Ukipunguza uso, noizi yake hulainika, na ukiukuza, chembe hunenepa. Ndiyo maana suala la noizi huja mwisho.

Kupima rangi, weka `Eyedropper` kwenye `5 by 5 Average`. Pikseli moja ya picha yenye noizi hudanganya. Tuseme shavu la fremu nzuri linasoma R 168, G 112, B 84, na uso ulioletwa R 166, G 110, B 62. Njano iliyobaki iko kwenye bluu peke yake: fungua `Curves` iliyobanwa kwenye leya ya uso, chagua `Blue`, inua katikati. Pima tena chini ya kidevu, maana kivuli huweza kugeuka zambarau wakati shavu limekaa sawa.

Paji la uso ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye fremu nzuri flashi imeliunguza hadi 255, wakati kwenye uso ulioletwa linafika labda 225 na bado lina rangi ya ngozi. Ukilivuta kwa `Curves` hadi lifanane, mashavu nayo yanapauka. Mimi huacha paji na mgongo wa pua wa fremu nzuri palepale, nikaleta macho, kope na sehemu ya juu ya mashavu tu. Mpaka wa maski upite kwenye ngozi ya wastani au kwenye ukingo wa ushungi, kwa brashi laini. Usiukatishe katikati ya mng'ao, kwa sababu mng'ao wa flashi una ukingo mkali na jicho hunasa pale ulipokatika.

Uso ulioinuliwa kutoka gizani huja na madoa mekundu na ya bluu. Nakili leya yake, itie `Gaussian Blur` ya pikseli 3 hadi 4, iweke kwenye hali ya `Color` na uibane juu ya uso, chini ya `Curves`: madoa yanafifia, vinyweleo vinabaki. Chembe zinazosalia zipunguze kwa `Reduce Noise` kidogo sana. Ukizidisha, ngozi inakuwa plastiki kati ya ndugu wenye ngozi halisi.

Baada ya hapo rudisha chembe kwa kipimo. Leya ya kijivu cha 50% iliyobanwa kwenye leya ya uso, hali ya `Overlay`, `Add Noise` 3% ya `Gaussian` na `Monochromatic`, kisha `Gaussian Blur` 0.5, kwa kuwa chembe za kamera hazina ncha kali. `Overlay` haigusi palipo peupe kabisa, na mng'ao wa kweli wa flashi nao hauna chembe. Linganisha kwa 100% na shavu la jirani lenye mwanga uleule. Usilinganishe na ukuta wa nyuma: flashi huufikia ikiwa dhaifu, hivyo una noizi zaidi.

Mwisho weka juu ya leya zote `Curves` ya muda inayoinua vivuli kwa nguvu. Kiraka kilichokuwa kimejificha kitaonekana kama wingu lenye ukingo. Rekebisha hapo, kisha ifute leya hiyo kabla ya kutuma picha kuchapwa.