Weka bei ya sofa, usiweke bei ya kunguni

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia. Ameanzisha kampuni ya usafi, ametengenezewa tovuti, na fundi wake anasubiri kuambiwa aandike nini kwenye sehemu ya bei. "Dada, niweke bei zangu wazi au niandike 'wasiliana nasi'? Nikiweka, washindani wataniona. Nisipoweka, naona watu wanapita tu."

Namjibu hapa hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Mimi nasafisha masofa na mazulia na kupuliza dawa ya wadudu hapa Dar es Salaam. Kwenye ukurasa wangu wa huduma sofa lina bei, shilingi kwa shilingi. Kunguni hawana bei. Nimepanga hivyo kwa makusudi, na tangu nipange hivyo, anayenipigia simu huwa keshajua anachotaka na keshakubali nusu ya mazungumzo.

Ninachojiuliza kabla ya kuweka bei ni kimoja tu. Je, mteja akiwa amekaa kwake anaweza kuhesabu mwenyewe kitu ninachomtoza? Siti za sofa anaziona. Viti vya mezani anaviona. Kitu kama hicho, ukimficha bei, unamfanya aombe ruhusa ya kujua jambo ambalo angelijua kwa kuhesabu vidole. Atakwenda kwa mwingine. Tunajuana tulivyo: mtu akiandikiwa "bei njoo inboksi", anahisi atapimwa kwa mtaa anaokaa na picha yake ya profaili kabla ya kutajiwa kiasi. Na mara nyingi anahisi sawa, kwa sababu wapo wanaotaja bei moja kwa mtu wa Masaki na nyingine kwa mtu wa Manzese kwa sofa lile lile. Mimi sifanyi hivyo na ninajivunia kutofanya hivyo.

Sasa bei yenyewe iandikweje? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika "kusafisha sofa kuanzia 12,000" wakidhani wameweka bei wazi. Mteja anasoma 12,000, anasahau "kuanzia". Ukimwambia jumla ni laki na ushee anaona umembadilikia, hata kama hesabu yako ni halali. Neno hilo linafaa pale tu ambapo kazi zako nyingi zinaishia karibu na hiyo bei ya chini. Kwangu haziishii hapo, kwa hiyo nimeliondoa.

Badala yake nimeandika bei ya siti moja ya kitambaa cha kawaida, 12,000. Siti ya veloveti, 15,000, kwa sababu veloveti inataka maji machache, brashi laini na muda mrefu zaidi la sivyo inabaki na alama. Kiti cha mezani, 4,000. Chini yake nimeweka mambo mawili yanayonilinda. La kwanza ni kianzio: kazi yoyote, hata ikiwa siti mbili, haipungui 60,000. La pili ni nyongeza ya usafiri kwa Kigamboni na Bunju, nayo nimeiandika kwa tarakimu, sikuandika "gharama za usafiri zitahusika".

Kianzio hicho sikukitoa hewani. Vijana wangu wawili wakitoka na Kirikuu, kwa kawaida wanafanya kazi mbili kwa siku. Posho ya kila mmoja ni 20,000 kwa siku, kwa hiyo kila kazi inabeba 20,000 ya posho. Mafuta ni kama 12,000 kwa kazi. Sabuni na dawa ya madoa, kwa sofa dogo, 6,000. Jumla 38,000 kabla sijalipa pango, mashine na kodi. Sofa la siti tatu kwa bei ya siti peke yake ni 36,000. Yaani ningepakia mashine, nikakaa kwenye foleni ya Ubungo, nikasafisha vizuri kabisa na kurudi nimepata hasara. Kama hujapiga hesabu hii, usiweke bei popote. Bei iliyo wazi ikiwa ya hasara inakuletea wateja wengi wa hasara.

Kisha, chini ya hizo bei, kuna mfano mmoja wa kazi kamili. Sebule ya Tabata, siti saba za veloveti, viti sita vya mezani: siti ni 105,000, viti ni 24,000, jumla 129,000, na inachukua nusu siku. Mfano huo unafanya kazi kuliko orodha nzima. Watu wanaulinganisha na sebule yao, halafu wananitumia ujumbe kama huu: "Nina kama ile ya Tabata ila viti vinne." Huyo nimpe tarehe tu.

Kuhusu washindani, wala usihangaike. Bei zako wanazo. Anayetaka kuzijua anapiga simu akijifanya mteja, dakika mbili kamaliza. Usiyemwonyesha ni mteja peke yake. Na anayeshusha bei kwa elfu mbili ili akupite, mwache. Muda si mrefu utasikia vijana wake wanaloweka sofa kwa maji mengi wakati wa masika, halikauki siku mbili, linanuka. Bei ya siti inabeba na ile mashine ya kufyonza maji.

Punguzo wataomba tu, hata bei ikiwa ukutani. "Dada, bei ya mwisho?" Ukishaandika bei, usiipunguze kwa maneno matamu, la sivyo aliyelipa kamili juzi ndiye uliyemwonea. Mimi punguzo nimeliandika pale pale: siti zaidi ya kumi, asilimia kumi. Anayetaka aongeze siti.

Tuje kwa kunguni.

Hapa mteja hawezi kuhesabu. Ananiambia "chumba kimoja", na kweli kitanda kilichoumia ni kimoja. Lakini kunguni wamo kwenye maungio ya kitanda, nyuma ya soketi, kwenye pindo la pazia, na kama ni nyumba ya kupanga, wamo kwa jirani mliyetenganishwa na ukuta mmoja. Ukipuliza chumba kimoja jirani akabaki, wanarudi, na jina litakalochafuka ni lako. Halafu kuna mayai. Dawa nyingi haziyaui, na kwa joto la Dar yanaanguliwa ndani ya wiki moja au mbili. Kazi ya kweli ya kunguni ni kupuliza mara mbili, ya pili ikifuata baada ya kama siku kumi hadi kumi na nne. Bei yangu inabeba safari mbili. Ya mshindani wangu inabeba moja. Zikiwekwa kwenye ukurasa kama tarakimu tupu, mimi naonekana mwizi na yeye mkombozi, mpaka wiki ya tatu mteja anapoanza kujikuna tena.

Kwa hiyo kwa kunguni sijaweka bei, lakini sijaandika "wasiliana nasi" na kunyamaza. Nimeandika vitu vinavyopandisha bei: idadi ya vyumba, wingi wa vitu ndani, nyumba ya peke yake au ya kupanga. Nimeandika kwamba tunapuliza mara mbili na kwa nini. Na nimeandika kwamba jibu la bei linafika siku hiyo hiyo. Kuficha bei na kuchelewa kuijibu ni makosa mawili, na la pili ndilo linalokimbiza watu.

Fomu ndefu pia inakimbiza watu. Jina kamili, barua pepe, anwani, "eleza mahitaji yako": nani ana muda huo huku anaumwa na kunguni? Weka kitufe kinachofungua WhatsApp ujumbe ukiwa umeshaandikwa nusu. Mpe fundi wako hii, abadilishe namba tu:

```
https://wa.me/255700000000?text=Nataka%20bei%20ya%20kunguni%0AMtaa:%0AVyumba:%0APeke%20yake%20au%20kupanga:
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ile %20 ni nafasi, na %0A ni mstari mpya. Mteja anajaza mistari mitatu na kuongeza picha ya kitanda, nami naweza kumpa bei bila kukosea sana, au nikamwambia ukweli kwamba lazima nifike.

Na kufika nako kuna bei. Hili nimejifunza kwa uchungu. Kuna ofisi moja kubwa iliniita nikapime ghorofa zao mbili, mazulia na dawa ya wadudu. Nilikwenda na kijana wangu, tukapima kila chumba, nikakesha nikiandika profoma safi, kila eneo na mita zake. Kimya. Baadaye wakaniomba niirudie "kwa muundo mwingine", nikairudia. Mwisho nikaambiwa na mtu wa humo ndani kwamba aliyekuwa apewe kazi alishajulikana tangu mwanzo. Walihitaji kotesheni tatu kwenye faili, na mimi nilikuwa ya tatu. Bado inaniuma. Walichukua siku zangu na vipimo vyangu, na sina shaka vipimo hivyo vilimsaidia huyo mwingine.

Tangu hapo, kwa ofisi na maghala, ukurasa wangu unasema wazi: kufika na kupima ni 50,000, nayo inakatwa kwenye malipo ukitupa kazi. Mwenye nia analipa bila neno. Anayekusanya karatasi anaacha, na mimi nabaki na siku yangu. Anayeuliza kabla ya kulipa nampa bei ya makadirio kwa mita ya mraba, ya chini na ya juu, bila kwenda. Profoma ya kina ni kazi, na kazi inalipwa. Mdogo wangu wa Mwanza, usione haya kuandika hivyo.

Kwa ofisi pia, sema kama bei ina VAT ndani au haina, kwa sababu mhasibu wao atauliza, na kumbuka wanaweza kukukata kodi ya zuio kwenye huduma, asilimia tano, kabla ya kukulipa. Kwa mtu wa nyumbani, kama umesajiliwa VAT, andika jumla yenye kila kitu. Yeye hana pa kuidai, na hataki kusikia kwamba 129,000 imegeuka kuwa 152,000 mlangoni.

Mwisho, weka tarehe. Juu ya orodha yangu kuna mstari unaosema bei hizi zimeanza lini. Mafuta yakipanda nami napandisha, na kila mara anatokea mtu mwenye skrinishoti ya bei ya zamani. Aliyeshika tarehe ya kazi kabla sijabadilisha namfanyia kwa bei ile ile. Asiyeshika tarehe namtumia ukurasa wa sasa, na tarehe iliyo juu yake inajibu kwa niaba yangu.