Maneno ya nywila: dadu ichague, si wewe

"Nikichagua maneno manne yasiyohusiana kichwani mwangu, si yanatosha?"

Hapana. Ukijiambia "neno lolote" utaangukia paka, jua, upendo, na wavunjaji huanzia hapo hapo. Rusha dadu mara 5, andika namba kwa mpangilio, tuseme 41625, kisha chukua neno lenye namba hiyo kwenye orodha ya Diceware, ambayo ina maneno 7,776. Rudia hadi upate maneno 6.

Kweli, maneno 4 ya dadu yanatosha kwa akaunti inayojifunga baada ya majaribio machache. Lakini faili lililoibwa halijifungi: mashine inayojaribu mara trilioni moja kwa sekunde humaliza michanganyiko yote ya maneno 4 kwa saa moja hivi. Ya 6 ni takriban miaka 7,000.

Kukumbuka ni rahisi kuliko unavyodhani. Kobe, ngazi, mshumaa, bati, pua, kesho: kobe kapanda ngazi na mshumaa, kagonga bati kwa pua, kesho anarudi. (Huo ni mfano tu, usiutumie!) Neno lisipokupendeza, tafadhali usirushe tena, maana hapo unachagua wewe.