Ijumaa ya Mjomba: Namna ya Kutafuta Siku ya Tarehe Yoyote kwa Kichwa, na Kosa Lililoniaibisha

Juma lililopita kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia. Amejifunza kutafuta siku ya tarehe yoyote kwa kichwa, wenzake wanamtupia tarehe naye anawajibu, na karibu kila mara anapatia. Lakini tarehe aliyozaliwa mama yake, 3 Februari 1976, inamletea Jumatano kila akiipiga, na bibi yake anaapa kuwa ilikuwa Jumanne. Anauliza, bibi amesahau?

Nilipousoma ujumbe huo niliiweka simu chini. Kosa lake nalijua. Miaka minne iliyopita lilinivunjia heshima mbele ya ukoo mzima, kijijini kwetu Newala, na mpaka leo nikilikumbuka uso unanipata moto. Basi nitaieleza njia yenyewe kwanza, halafu niwasimulie.

Njia hii aliibuni mwanahisabati Mwingereza, John Conway, mwaka 1973, naye akaipa jina la Siku ya Kiyama. Mimi naiita siku mama. Msingi wake ni kwamba kila mwaka kuna tarehe kadhaa rahisi kukumbuka ambazo zote huangukia siku moja ya juma. 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 ni ndugu: mwaka 2025 zote zilikuwa Ijumaa, na mwaka 2026 zote ni Jumamosi. Ukishaijua siku mama ya mwaka, unatafuta ndugu aliye karibu na tarehe yako, kisha unahesabu mbele au nyuma kwa vidole.

Sisi wa Kusini ndugu mmoja hatuwezi kumsahau, maana ni Nane Nane. Ukikumbuka mwaka fulani ulikwenda viwanja vya Ngongo pale Lindi siku ya kilele, na ilikuwa siku gani, umeshaijua siku mama ya mwaka ule. Saba Saba msiichanganye humo. Inafanana nayo kwa sura tu. Ndugu wa Julai ni 11/7, kwa hiyo na 4/7, na Saba Saba iko siku tatu mbele ya hiyo 4/7. Miezi mingine yenye namba witiri huenda kwa jozi zinazobadilishana: 9/5 na 5/9, kisha 11/7 na 7/11. Machi chukua 7/3. Februari ni siku yake ya mwisho. Januari ni tarehe 3. Hapo kwenye Februari na Januari nitarudi, kwa sababu ndipo nilipoangukia.

Sasa siku mama ya mwaka inapatikanaje? Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Wao wanalazimika kukariri kwamba siku fulani ni namba fulani. Sisi namba imo ndani ya jina: Jumamosi ni moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano. Alhamisi ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa jina lake limetoka kwenye tano ya Kiarabu, na Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwetu Alhamisi ni sita. Ijumaa ni saba, na ukishagawanya kwa saba ikabaki sifuri, ni Ijumaa vilevile. Nilipokuwa nafundisha hesabu, darasa zima lilikuwa likishika namba hizi kabla kengele haijalia, na sijaona mahali pengine palipoandikwa hivi. Hilo najivunia.

Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani majuma 52 na siku moja ya ziada. Ndiyo maana siku mama husogea siku moja kila mwaka, na mwaka mrefu husogea mbili. Kwa hiyo chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, ongeza robo yake (desimali tupa), kisha ongeza namba ya karne: 5 kwa miaka ya 1900, 4 kwa miaka ya 2000. Ondoa saba saba mpaka ibaki namba ndogo. Hiyo ndiyo siku mama.

Tujaribu siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961. Sitini na moja, robo yake 15, jumla 76. Ongeza 5, unapata 81. Saba mara kumi na moja ni 77, inabaki 4, basi siku mama ya mwaka 1961 ni Jumanne. 12/12 ilikuwa Jumanne. Rudi nyuma siku tatu: Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Tanganyika ilipata uhuru siku ya Jumamosi. Jaribu na 14 Oktoba 1999, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere. Tisini na tisa, robo 24, ongeza 5, jumla 128. Toa 126, inabaki 2, Jumapili. 10/10 ilikuwa Jumapili, basi tarehe 14 ni Alhamisi.

Hayo nilikuwa nayafanya kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti. Na ndiyo yaliyonitia kiburi.

Kulikuwa na kikao cha ukoo juu ya shamba la mikorosho alilotuachia babu. Mjomba wangu alileta karatasi ya mauziano, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuachana. Imeandikwa kwa mkono: "Leo siku ya Ijumaa, tarehe 14/2/1992." Mjomba akaeleza kuwa iliandikwa baada ya swala, barazani kwa babu, na mashahidi wawili kati ya watatu wameshatangulia mbele ya haki. Baadhi yetu hatukuitaka karatasi ile iwe kweli. Sikusema hivyo, ila moyoni ndivyo ilivyokuwa.

Nikaipiga palepale. Tisini na mbili, robo 23, jumla 115, ongeza 5, 120. Toa 119, inabaki 1. Siku mama ni Jumamosi. Februari, siku ya mwisho, 28, Jumamosi. Rudi wiki mbili, tarehe 14, Jumamosi. Nikasimama, nikasema mbele ya watu wote: "Mjomba, shikamoo, lakini siku hiyo haikuwa Ijumaa. Aliyeiandika karatasi hii aliiandika baadaye, hakujua siku."

Kikao kilinyamaza. Mjomba hakugomba. Aliikunja karatasi yake taratibu, akasema tu, "Mpwa wangu, mimi nilikuwepo." Mwanawe wa kike, aliyekuwa amekaa mkekani nyuma, alishika simu, akaipeleka kalenda mpaka 1992, akampa mwenyekiti wa kikao. Ijumaa.

Mwaka 1992 ni mwaka mrefu. Tisini na mbili inagawanyika kwa nne bila baki, na robo nilikuwa nimeipata mwenyewe dakika ile ile, 23 kamili. Siku ya mwisho ya Februari ilikuwa 29, si 28. Tarehe 29 Jumamosi, 22 Jumamosi, 15 Jumamosi, basi 14 ni Ijumaa. Mzee alikuwa anasema kweli, nami nimemwita mwongo kwa sababu ya siku moja.

Kwa hiyo shikeni jambo hili kabla ya mengine yote. Robo ikitoka kamili, bila baki, na tarehe yako iko Januari au Februari, simama. Ndugu wa Februari ni 29, na ndugu wa Januari ni tarehe 4 badala ya 3. Kuanzia Machi hakuna kinachobadilika, kwa sababu ile siku ya ziada imeshaingia. Ndiyo maana kosa hili linajificha: unaweza kupiga tarehe mia za Aprili mpaka Desemba, zote ukapatia, ukajiona bingwa, kisha likakunasa kwenye Februari moja. Mwaka unaoishia na 00 nao una sharti lake, ni mrefu ukigawanyika kwa 400 tu. 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa.

Na kosa lenyewe lina alama. Ukikosa kwa siku moja mbele, na ni Januari au Februari ya mwaka mrefu tu, umesahau 29. Ukikosa kwa siku moja mbele katika kila mwezi wa miaka ya 2000, umetumia 5 badala ya 4. Usianze kukokotoa upya kama mtu aliyepotea porini. Angalia kwanza umekosa kwa siku ngapi na wapi.

Mjomba nilikwenda kumwomba radhi kesho yake asubuhi, kabla ya chai. Alinikaribisha mkekani. Tulikaa kimya, halafu akaniuliza kama hesabu yangu inaweza kurudi nyuma mpaka alipozaliwa yeye. Cheti chake kimeandikwa 6 Julai 1950, lakini marehemu bibi alikuwa akisema siku zote kwamba amezaliwa usiku wa Ijumaa.

Safari hii nilikwenda polepole, kwa sauti, ili asikie kila hatua. Hamsini, robo 12, jumla 62, ongeza 5, 67. Toa 63, inabaki 4, Jumanne. Robo haikutoka kamili, na tena ni Julai, basi hakuna mtego. 11/7 Jumanne, 4/7 Jumanne, tarehe 5 Jumatano, tarehe 6 Alhamisi.

Nilikaribia kusema kuwa bibi alikosea. Nikajizuia, maana wazee wetu siku yao huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Kalenda inaita usiku huo Alhamisi mpaka saa sita, bibi aliuita Ijumaa tangu adhana ya magharibi. Cheti na bibi walikuwa wanasema usiku mmoja. Mtu akikupa siku aliyosikia kwa wazee, muulize kwanza kama ilikuwa mchana au usiku, ndipo uilinganishe na hesabu yako. Na tarehe za Kiislamu msizipeleke kwenye njia hii hata kidogo. Miezi ile huenda kwa mwezi mwandamo, hii ni ya kalenda ya kawaida tu.

Mjomba alicheka, akaniambia niipige tena hesabu, aisikie mara ya pili.

Kijana wa Nachingwea nimemjibu hivi. Sabini na sita, robo 19 kamili, jumla 95, ongeza 5, 100, toa 98, inabaki 2, Jumapili. Robo ni kamili na mwezi ni Februari, kwa hiyo 29 ndiyo Jumapili. Rudi wiki nne, 1 Februari ni Jumapili. Tarehe 2 Jumatatu, tarehe 3 Jumanne. Msalimie bibi yako.